Jina la kampuni limechukuliwa au bado? Nairobi, London na Delaware hawaulizi swali moja

Tuseme ndugu watatu wanauza viungo: karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga. Mmoja yuko Mombasa, wa pili Leicester, wa tatu Minnesota. Wanataka kampuni moja ya pamoja na jina wameshalipenda: Viungo Mwambao. Kilichobaki ni kuamua waiandikishe wapi, na hapo kila mmoja anavutia kwake. Wa Mombasa anasema Kenya, wa Leicester anasema Uingereza ni siku moja tu, wa Minnesota ameambiwa na rafiki zake kwamba watu wa maana huandikisha Delaware.

Ndugu hawa nimewabuni, lakini ubishi wao si wa kubuni. Kodi, mtaji na viza vina mengi ya kusemwa na vinatosha makala nyingine. Hapa nataka kuangalia jambo moja linalowakwaza watu mapema kabisa: msajili anapoambiwa "nataka jina hili", anaamuaje kwamba lina mwenyewe?

Nitazilinganisha ofisi tatu kwa maswali manne yaleyale. Kwanza, jina lako linawekwa kando ya majina gani? Pili, kipimo cha kufanana ni kipi, na anayepima ni mtu au ni kanuni? Tatu, unaweza kuliweka jina kiporo kabla ya kuandikisha, na kwa muda gani? Nne, ukishapata cheti, mwenye jina la zamani bado anaweza kukufuata?

Hilo la nne ndilo watu hulisahau, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote.

Ili tusizungumze hewani, tuchukulie kwamba katika kila daftari tayari ipo kampuni iitwayo Viungo Mwambao, si ya ndugu zetu, na wao wanajaribu kupenya na majina matatu ya jirani: "Viungo-Mwambao", yenye kistari, lile lile likiongezwa jina la nchi mwishoni, na "Viungo vya Mwambao".

Asili moja, njia mbili

Kenya na Uingereza zilianza na sheria ya aina moja. Sheria ya Kampuni ya Uingereza ya 1948 ilikataza kuandikisha kampuni kwa jina ambalo mamlaka iliona halifai, na neno hilo "halifai" liliachwa mikononi mwa afisa. Kenya ikaifuata katika Sheria yake ya Kampuni, Sura ya 486, iliyoanza kutumika 1962. Ofisa alikaa na jalada, akalisoma jina, akaamua.

Waingereza wakaliacha jicho hilo la afisa kwa sheria ya 1981. Badala ya kuomba kibali cha jina kabla, jina likawa linapimwa kwa orodha: lipo au halipo. Kenya nayo iliandika sheria mpya mwaka 2015, na ukiisoma utaona imeazima mengi kutoka sheria ya Uingereza ya 2006. Lakini haikuacha utaratibu wa kuhifadhi jina, wala haikumwondoa mtu anayelitazama jina na kuamua. Ndiyo maana sheria hizi mbili zikiwekwa pamoja zinaonekana ndugu wa tumbo moja, huku mwombaji akikutana na mambo mawili tofauti kabisa mlangoni.

Nairobi: mtu anasoma jina

Kenya kazi hii iko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, na maombi hupita kwenye mtandao wa eCitizen. BRS hiyo hiyo ndiyo inayoshika daftari la kampuni, la majina ya biashara na la ubia. Kwa hiyo jina lako haliwekwi kando ya kampuni tu. Duka la mtu mmoja lililoandikishwa kama jina la biashara mjini Kisumu linaweza kukuzuia wewe wa Mombasa, hata kama hujawahi kulisikia.

Kipimo ni pana. Jina linaweza kukataliwa kwa kuwa ni lile lile, kwa kuwa linafanana mno na lililopo, au kwa kuwa linaudhi. Majina yanayoashiria kwamba kampuni ni ya serikali kuu au ya kaunti yanahitaji idhini, na neno "benki" huliweki bila baraka za Benki Kuu ya Kenya.

Sasa twende kwenye majina yetu matatu. "Viungo-Mwambao" halipiti, na hakuna wa kulalamika. "Viungo Mwambao Kenya" kwa kawaida halipiti pia, kwa sababu kuongeza jina la nchi hakumsaidii mteja kutofautisha. Kunamfanya adhani ni tawi. Lakini tazama la tatu. Afisa wa Nairobi anajua Kiswahili. Anajua kwamba "Viungo Mwambao" na "Viungo vya Mwambao" ni kitu kimoja, na kwamba "vya" pale ni kiunganishi tu. Atalirudisha. Ukijaribu kupindua maneno, "Mwambao Viungo", atalirudisha pia.

Hapo ndipo ubora na udhaifu wa mfumo huu unapokutana. Jicho la mtu hukamata ujanja ambao orodha haiwezi kuukamata. Jicho hilo hilo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Nimeona jina likikataliwa Jumatatu, likapelekwa upya wiki iliyofuata bila kubadilishwa herufi, likapita. Mwombaji mwenye busara hatumi jina moja. Hutuma kadhaa kwa mpangilio wa anavyoyapenda, na katika hayo angalau moja liwe na neno la kipekee, neno ambalo halielezi bidhaa wala mahali. Majina yaliyoundwa kwa maneno ya kawaida matupu, "Pwani Traders", "Mwambao Supplies" na wenzao, ndiyo yanayojazana kwenye daftari na ndiyo yanayorudishwa.

Likikubaliwa, linahifadhiwa siku 30, na unaweza kuomba nyongeza ya siku nyingine 30 kabla hazijaisha. Kuhifadhi si kumiliki. Nilimsaidia mteja aliyepata jina lake, akafurahi, akaenda kuchapisha kalenda za mwaka mzima na kupaka gari rangi. Hati za wakurugenzi zikachelewa kwa sababu mmoja alikuwa safarini, na hakuna aliyekumbuka kuomba nyongeza. Siku ya 34 tulipofungua maombi, jina lilikuwa limerudi sokoni na mtu mwingine alishaliomba. Kalenda zile zilitumika kufungia karanga.

Je, ukishapata cheti uko salama? Zaidi kuliko London, kwa sababu mchujo mkubwa umeshafanyika mlangoni, lakini si salama kabisa. Msajili ana uwezo wa kuiamuru kampuni ibadili jina ikibainika kwamba liliandikishwa likiwa sawa na lililopo au likilikaribia mno. Na alama za biashara ziko ofisi nyingine, KIPI, yenye daftari lake. Mwenye alama anaweza kukupeleka mahakamani huku umeshika cheti halali cha BRS mkononi.

Watanzania watauona mfumo huu kama wa nyumbani. BRELA nayo hupokea maombi kwa njia ya mtandao, kupitia mfumo wa ORS, na maofisa wake ndio wanaolipitia jina.

Mfumo huu unamfaa mtu ambaye soko lake liko hapa hapa, ambaye jina lake ni la Kiswahili au la lugha nyingine ya nyumbani, na ambaye angependa kukataliwa leo kuliko kushtakiwa mwakani.

London: orodha inapima, watu wanakuja baadaye

Uingereza ofisi ni Companies House. Huko hakuna afisa anayekaa kufikiri kama wateja watachanganyikiwa. Swali la mlangoni ni jembamba sana: je, jina hili ni sawa na lililopo kwenye orodha?

Neno "sawa" limefafanuliwa kwa kanuni za 2015, na ufafanuzi wake una tabia ya mashine. Kabla ya kulinganisha, vitu fulani huvuliwa: herufi kubwa na ndogo haziangaliwi, nukta na vistari huondolewa, nafasi kati ya maneno huondolewa. Maneno ya mwisho kama "Limited" na "Company", viambishi vya mtandao kama ".com" na ".co.uk", na "UK" au "Great Britain" hayahesabiwi. Alama na maneno yake huchukuliwa kuwa kitu kimoja, kwa mfano "&" na "and". Kinachobaki ndicho kinachopimwa. Kikiwa sawa, hupati, isipokuwa kampuni hizo mbili ni za kundi moja na ile ya kwanza imeridhia kwa maandishi.

Hapo awali orodha ya maneno yasiyohesabika ilikuwa ndefu zaidi. Ilikuwa na "Group", "Holdings", "International" na "Services", na kanuni za 2015 zikayaondoa. Maana yake ni kwamba leo "Viungo Mwambao Holdings" na "Viungo Mwambao" ni majina mawili machoni pa Companies House. Mtu wa kawaida mtaani hatayaona hivyo.

Majina yetu sasa. "Viungo-Mwambao Ltd" halipiti, kistari kimevuliwa. "Viungo Mwambao UK Ltd" halipiti, "UK" limevuliwa. "Viungo vya Mwambao Ltd" linapita bila kizuizi, kwa sababu kanuni haijui "vya" ni nini. Kwake hilo ni neno kama neno jingine lolote.

Wa Leicester akisikia hivyo atacheka na kusema: si niliwaambia? Asicheke bado.

Mlango wa pili uko nyuma ya nyumba. Ndani ya miezi 12 tangu kuandikishwa, mwenye jina la zamani anaweza kulalamika kwamba jina lako linakaribiana mno na lake, na hapo kipimo si cha mashine tena. Sura ya jina na sauti yake vinaangaliwa. Mfano ambao Companies House yenyewe huutumia kueleza ni "Easy Electrics For You" na "EZ Electrix 4U": herufi mbali, sauti ile ile. Kwa kipimo hicho "Viungo vya Mwambao" lina kesi ngumu ya kujibu, na kampuni inaweza kuamriwa ibadili jina ikiwa imeshafungua akaunti na kuchapa vifungashio.

Upo na mlango wa tatu, Baraza la Majina ya Kampuni. Hapo anayelalamika si lazima awe na kampuni yenye jina hilo. Anatakiwa kuonyesha kwamba ana sifa sokoni iliyojengeka juu ya jina hilo na kwamba jina lako litawapotosha watu wadhani mna uhusiano. Mlango huu hauna kikomo cha miezi 12. Uliwekwa hasa kwa ajili ya wanaoandikisha majina ya wenzao ili wawauzie baadaye, lakini unakula na wasio na nia hiyo wakishindwa kuonyesha kwamba walianza kwa nia njema.

Uhifadhi wa jina haupo. Ukitaka kulishika, unaandikisha kampuni na kuiacha ikae bila biashara, na kila mwaka unaitolea taarifa zake. Wengi hufanya hivyo. Binafsi naona ni njia ghali ya kuweka kiti kwa kanga, lakini ndiyo iliyopo.

Ukitaka kuona ulegevu wa mlango wa kwanza ulivyowahi kufika, kuna watu waliandikisha kampuni ambazo majina yake yalikuwa vipande vya amri za kompyuta, na zikapita kwa sababu hazikuwa sawa na jina lolote lililopo. Ilibidi sheria ya 2023 ya kupambana na uhalifu wa kiuchumi ikataze jambo hilo waziwazi.

Anayefaidika na London ni mtu mwenye haraka, mwenye jina la kipekee kweli, na aliye tayari kufanya upelelezi mwenyewe. Kisanduku cha kutafutia jina kwenye mtandao wa Companies House kikikwambia lipo wazi, kimekujibu swali lile jembamba tu. Kazi ya afisa wa Nairobi umeachiwa wewe: tafuta kwa matamshi, tafuta kwa maneno yaliyopinduliwa, kisha tafuta upya kwenye daftari la alama za biashara.

Delaware: litofautike kwenye kitabu

Delaware ni jimbo dogo, na Idara yake ya Kampuni iko mjini Dover. Kipimo chake kimeandikwa kwa sentensi fupi kwenye sheria ya jimbo: jina liwe la kutofautika kwenye rekodi za idara. Haiulizwi kama mteja atachanganyikiwa. Huulizwa kama karani anayetafuta jalada anaweza kuyatenga majina mawili.

Majina unayolinganishwa nayo ni mapana ndani ya jimbo: kampuni za hisa, za LLC, ubia, amana zilizoandikishwa, za kutoka nje zilizosajiliwa humo, pamoja na majina yaliyohifadhiwa. Nje ya jimbo hawaangalii kabisa. Viungo Mwambao wa Texas hayumo kwenye hesabu.

Kubadili "Inc." kuwa "LLC" hakutofautishi. Kistari pia hakikuokoi. Neno halisi likiongezwa, kwa kawaida linatosha, kwa hiyo "Viungo vya Mwambao" lina njia nyeupe, na hata la pili lenye jina la nchi lina nafasi ambayo Nairobi na London lisingeipata. Neno "bank" nalo lina ulinzi wake hapa kama kwingineko.

Zuri la Delaware ni uhifadhi. Kwa dola 75 jina linashikwa siku 120, na muda ukiisha unaweza kuomba upya. Kwa kundi ambalo bado linajadiliana nani aweke shilingi ngapi, siku 120 ni pumzi ambayo siku 30 haziwezi kutoa.

Kinachowapata watu baadaye ni cha aina nyingine. Ndugu wa Minnesota akiandikisha Delaware, ghala na wateja wake wako Minnesota, na itambidi aisajili kampuni huko kama ya kutoka nje. Kama Minnesota kuna mwenye jina hilo, atalazimika kufanya kazi kwa jina jingine jimboni humo, huku cheti cha Delaware kikiwa na lile alilolipenda. Majimbo hayana kitabu kimoja, na hata vipimo vyao havikuwa sawa: Texas ilikataa majina yenye ufanano wa kupotosha mpaka Juni 2018, ilipohamia kwenye kipimo cha kutofautika kwenye rekodi. Juu ya hayo kuna ofisi ya alama za biashara ya nchi nzima, USPTO, ambayo haina habari na Dover wala Dover haina habari nayo. Amerika ugomvi mkubwa wa majina huamuliwa kwa sheria ya alama, na msajili wa jimbo huwa hayumo.

Delaware basi inamfaa anayejenga kampuni ya kupokea wawekezaji wa Marekani na anayehitaji muda wa kupanga. Mwenye duka moja katika mtaa mmoja wa Minneapolis analipa mara mbili kwa jina ambalo halimlindi alipo.

Wewe uko wapi katika haya?

Kama soko lako ni Kenya, hata ukiwa unaishi ughaibuni, anza na BRS, kwa sababu jina lililochukuliwa Nairobi litakuzuia siku utakapotaka kufungua tawi nyumbani. Tuma majina kadhaa na usisubiri siku ya 29 kuomba nyongeza.

Kama uko Uingereza na jina lako ni la Kiswahili, usifurahi upesi likipita. Limepita pengine kwa kuwa kanuni haisomi Kiswahili. Likatae mwenyewe kama ungelikataa ungekuwa afisa: lisome kwa sauti kando ya yaliyopo, na kama jirani yako angeuliza "hawa si ndio wale?", tafuta jingine. Ukivuka miezi 12 bila barua, hatari imepungua, ila mlango wa Baraza haujafungwa.

Kama jina unalotaka ni la kampuni ya ndugu yako au kampuni mama yako, uliza ridhaa mapema na uipate kwa maandishi. London kanuni inaitambua barua hiyo kwa kampuni za kundi moja, na Nairobi mawakili huiambatisha pamoja na azimio la wakurugenzi.

Kama wenzako hawajakubaliana na unahofia jina litaponyoka, Delaware ndiyo yenye muda mrefu kati ya hizi tatu. Lakini kabla ya kulipa zile dola 75, fungua rekodi za jimbo ambako bidhaa zitauzwa uone kama liko wazi huko.

Na kama jina limeshajulikana, watu wanaliita dukani na kwenye vifungashio, basi swali la msajili limekuwa la pili kwako. Nenda kwanza kwenye daftari la alama la nchi unayouzia, KIPI au wenzake, kisha urudi kwa msajili. Ndugu wetu watatu wangeanza hivyo, wangegundua kabla ya ubishi wote kwamba mwenye Viungo Mwambao yupo, na "vya" haitawasaidia popote isipokuwa mlangoni.